Kagua video yako kabla majirani hawajakukagulia

ZAMANI, mtu aliyetaka kutengeneza filamu ilimbidi awe na kamera, waigizaji na mahali pa kupigia picha. Mwigizaji akionekana amevaa fulana yenye jina la kampuni, ilikuwa ni kwa sababu aliivaa asubuhi hiyo. Sura ya jirani ikionekana nyuma, ilikuwa ni kwa sababu jirani alipita pale. Kila kilichoonekana kwenye picha kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo angeweza kutafutwa na kuulizwa.

Siku hizi mambo yamegeuka. Kijana aliye na kompyuta, au hata simu tu, huandika maagizo machache na programu ya akili unde ikamtolea kipande cha video cha sekunde nane chenye watu, nyumba, mbwa na jua linalotua. Hakuna kamera iliyotumika wala mtu aliyesimama mbele yake. Kwa sababu hiyo, wengi huamini kwamba kilichomo ndani ya kipande hicho hakina mwenyewe, na kwamba kinaweza kurushwa mtandaoni mara tu kinapokamilika.

Mpenzi msomaji, hapo ndipo penye mtego. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikimsaidia mpwa wangu, binti ya dada yangu, kukagua vipande anavyotengenezea vikundi vya mtaani kwao Nakuru. Yeye ndiye fundi. Kazi yangu ni ile niliyozoea gazetini: kusoma habari ya mtu mwingine kabla haijatoka na kuuliza ni nani atakayeumia ikitoka. Katika kazi hii nimejifunza kwamba video ambayo haikumpiga mtu yeyote picha inaweza bado kumfedhehesha mtu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwako.

Kwanza yafaa kuelewa kwa nini alama za kampuni na sura za watu hujipenyeza humo bila kualikwa. Programu hizi hazichori vitu kutoka hewani. Zimefunzwa kwa kuonyeshwa picha na video nyingi mno, hadi zikajua ni vitu gani huandamana na vingine. Kama katika picha nyingi za viatu vya michezo pana alama ubavuni, programu hujifunza kwamba alama hiyo ni sehemu ya kiatu, kama ilivyo kamba na soli. Haijui kwamba ni mali ya Nike. Vivyo hivyo na maduka yetu madogo. Mengi yamepakwa rangi nyekundu na kuandikwa kwa rangi nyeupe na kampuni ya soda. Ukiiagiza programu ikuchoree duka la mtaani nchini Kenya, usishangae ikipaka ukuta rangi nyekundu na kuchora mikunjo myeupe juu yake.

Jambo hili limewahi kufika kortini. Kampuni ya picha ya Getty Images iliishtaki kampuni ya Stability AI nchini Uingereza. Miongoni mwa malalamiko yake ni kwamba programu ya kampuni hiyo ilitoa picha zenye maandishi yale hafifu ambayo Getty huyaweka juu ya picha zake ili zisiibwe. Programu ilikuwa imeyaona maandishi hayo juu ya picha nyingi hata ikayachukulia kuwa sehemu ya picha. Novemba 2025, Mahakama Kuu jijini London iliyakataa madai mengi ya Getty, lakini ikakubali kwamba katika mifano michache kutoka matoleo ya zamani ya programu hiyo, alama za biashara za mlalamishi zilikuwa zimekiukwa. Baadhi ya alama hizo hazikuwa safi, kwani herufi zilikuwa zimepindapinda. Hata hivyo, zilitosha kutambulika.

Kuhusu sura, maelezo yake ni tofauti kidogo. Usipoitajia programu mtu maalumu, mara nyingi hukupa sura iliyo katikati ya nyuso nyingi ilizoziona: mzee wa miaka sitini wa Kiafrika, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe. Sura ya katikati ina sifa moja mbaya: hufanana na watu wengi. Ukiivalisha koti refu na kofia, kisha ukaiweka penye nyumba za mabati, tayari umepunguza idadi ya watu wanaofanana nayo. Ukiionyesha katika mtaa mmoja mahsusi, huenda akabaki mmoja tu.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Kikundi cha akina mama wa kanisa mtaani kwa mpwa wangu kilimwomba awatengenezee video fupi ya kuonya dhidi ya chang'aa, ya kusambazwa katika makundi ya simu ya waumini na wazazi. Akatengeneza kipande cha sekunde nane. Ni jioni. Mzee wa koti refu na kofia anatoka katika nyumba ya mama pima, ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono wa pili. Anapiga hatua tatu akiyumba. Mtoto aliyevaa sweta ya shule amesimama langoni akimtazama. Nyuma yao kuna duka, na lori linapita barabarani. Kilikuwa kipande kizuri, na mwenyekiti wa kikundi alikuwa amekwisha kukisifu.

Tulikaa kukikagua Jumamosi moja. Nitaeleza utaratibu wetu hatua kwa hatua, kwa maana si mgumu na hauhitaji chombo cha bei.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba unakagua nakala ya mwisho kabisa, ile itakayotumwa. Watu wengi hukagua kipande kikiwa kibichi, kisha wakatia muziki, maandishi na kukikuza ili kitoshee simu. Kukikuza huko ndiko huleta mashaka. Alama iliyokuwa ndogo kama punje ya mchele nyuma ya mtu huja mbele ikawa kubwa kama kiganja. Kikitiwa chochote kipya baada ya ukaguzi, ukaguzi huo umekufa.

Hatua ya pili ni kukitazama kwenye kioo kikubwa, bila sauti, mara tatu. Mara ya kwanza tunatazama watu pekee. Mara ya pili tunatazama vitu ambavyo watu wamevaa au kushika. Mara ya tatu tunawaacha watu kabisa na kutazama kuta, magari, mbao za matangazo na pembe nne za picha. Jicho la binadamu hufuata uso na mwendo. Usipolilazimisha kutazama ukuta, utakitazama kipande mara ishirini na hutauona ukuta.

Hatua ya tatu ni kukikata kipande kuwa picha zilizosimama. Video ya mpwa wangu ilikuwa na fremu 24 kwa kila sekunde. Kwa hivyo sekunde nane zilikuwa fremu 192. Hakuna haja ya kuzitazama zote mwanzoni. Ukichukua fremu sita kwa kila sekunde, unapata picha 48, na kati ya picha moja na inayofuata pana fremu nne tu. Chochote kinachoonekana kwa fremu nne mfululizo au zaidi hakiwezi kukupita. Mpwa wangu hutumia programu ya bure iitwayo ffmpeg, na amri yake ni hii:

```
ffmpeg -i pombe.mp4 -vf fps=6 fremu_%03d.png
```

Hapo `pombe.mp4` ni jina la faili la video, na picha hutoka zikiwa na nambari kwa mpangilio. Asiyetaka kuandika amri anaweza kufungua video kwa VLC na kubonyeza herufi E. Kila akibonyeza, video husonga mbele fremu moja. Ni kazi ya kuchosha kidogo, lakini kwa kipande cha sekunde nane haichukui muda mrefu.

Kwa nini tusichukue fremu mbili tu kwa sekunde, tukapata picha 16 na kumaliza mapema? Lori lile lilitufundisha. Mgongoni mwake palikuwa na alama ya duara yenye mnyama, ambayo ilionekana kwa fremu tisa, yaani chini ya nusu sekunde. Ukichukua picha mbili kwa sekunde, kati ya moja na nyingine pana fremu 12, na alama ya fremu tisa inaweza kupita katikati pasipo kunaswa. Katika picha zetu 48 ilijitokeza mara mbili. Mpwa wangu alikuwa ametazama kipande hicho kwa siku nzima na hakuwahi kuiona. Kwa haki, hata mimi nilipotazama video ikienda sikuiona. Lakini mtazamaji mwenye kampuni ya malori angeiona, kwa sababu jicho lake limezoea kuitafuta.

Katika kukagua alama, watu hukosea kwa kutafuta maneno. Husema, "Hapa hakuna jina la kampuni, ni herufi zisizosomeka." Lakini alama ya biashara haitambuliki kwa herufi peke yake. Hutambulika kwa rangi, umbo na mahali ilipo. Tulikuwa na ukuta mwekundu wa duka wenye mikunjo myeupe, na hakuna hata herufi moja iliyosomeka. Tuliipunguza picha ile ikawa ndogo kama stempu ya barua, tukamwita kijana wa jirani na kumuuliza ukuta ule ni wa nini. Alitaja soda papo hapo. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini: picha ikiwa ndogo, herufi hupotea na kubaki umbo na rangi. Kama bado inatambulika, basi ni alama, liwe linasomeka au halisomeki.

Jambo jingine la kufanya ni kuigeuza picha kama kwenye kioo, kulia kuwa kushoto. Programu hizi wakati mwingine hutoa alama ikiwa imepinduka, nawe usiitambue hadi uigeuze. Sehemu unayoishuku waweza kuikata na kuitafuta kwa Google Lens uone inafanana na nini. Ikikuletea picha za kampuni ileile kila mara, umepata jibu. Isipoleta kitu, usishangilie mno, kwani alama za kampuni ndogo za kwetu huenda chombo hicho hakizijui. Hapo ndipo panapohitajika macho ya wenyeji.

Na katika alama za wenyeji, ile iliyonishtua zaidi haikuwa ya kampuni. Ilikuwa ni sweta ya yule mtoto langoni. Ilikuwa ya kijani kibichi yenye mistari ya manjano shingoni, na kifuani mlikuwa na nembo ya ngao. Ndani ya ngao hapakuwa na maneno wala picha ya maana. Lakini mtaani kwao kuna shule moja tu ambayo watoto wake huvaa kijani na manjano. Wazazi wangepokea video ya mtoto wa shule hiyo amesimama mlangoni kwa mama pima, nao wangeanza kuulizana ni mtoto wa nani. Mpwa wangu hakuagiza sweta ya kijani. Aliandika "mtoto wa shule nchini Kenya" na programu ikamvalisha ilivyoona inafaa. Tangu siku hiyo, sare za shule, za walinzi na za wahudumu wa hospitali tunazihesabu pamoja na alama za biashara.

Tukaja kwenye sura. Hapa mashine husaidia kidogo sana. Kwa watu mashuhuri, kutafuta picha mtandaoni kunaweza kukuonyesha kwamba mwanamke uliyemtengeneza anafanana na msomaji wa habari au mwigizaji fulani. Kwa mwananchi wa kawaida ambaye picha zake haziko mtandaoni, hakuna chombo kitakachokuambia. Chombo pekee ni watu wanaoishi pale video itakapotazamwa.

Tunatumia watu watatu wa rika mbalimbali, ambao hawakuwapo kipande kikitengenezwa. Kikongwe huwajua wanasiasa na wazee wa zamani. Kijana huwajua wanamuziki na wachekeshaji wa simu. Mtu wa makamo, hasa anayefanya biashara ya kuzunguka, huwajua majirani. Kila mmoja huonyeshwa peke yake, ili asisikie jibu la mwenzake. Tena hatuulizi, "Huyu anafanana na nani?" Ukiuliza hivyo, mtu atajikaza mpaka akupe jina, maana hakuna anayependa kushindwa mtihani. Tunauliza tu, "Umeona nini?" Kisha tunanyamaza.

Wa kwanza alikuwa mama yangu, nyanya yake mpwa wangu. Alivaa miwani, akatazama mara moja, akaishusha miwani. "Huyu si Mwalimu?" akauliza. "Tangu lini ameanza kunywa?"

Mwalimu aliyekuwa akimtaja ni mstaafu wa mtaa huo. Hanywi pombe. Anatembea kwa fimbo kwa sababu mguu wake ulivunjika miaka mingi iliyopita na haukupona vyema, na akitembea huyumba. Huvaa koti refu na kofia hata jua likiwaka. Nilimtazama mpwa wangu, naye akakitazama kile kipande kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona.

"Lakini nyanya, uso si wake," akasema. "Hata pua si yake. Na mashine haijawahi kumwona."

"Mimi sikusema pua," mama akajibu. "Nimesema Mwalimu."

Wa pili alikuwa kijana anayewauzia maziwa asubuhi. Hakuambiwa lolote. Alitazama, akacheka kidogo, akasema kwamba Mwalimu leo amelewa. Wa tatu, msichana wa kidato cha tatu, aliona mlevi na mtoto, basi. Kanuni tuliyojiwekea ni kwamba wawili kati ya watatu wakitaja mtu mmoja bila kuulizwa, kipande hakitoki. Akitaja mmoja pekee, tunatafuta watu wengine watatu. Kanuni hii haikutoka kwenye sheria. Ni kipimo chetu tu, lakini kimetuondolea mabishano.

Mpwa wangu hakuridhika mara moja, nami simlaumu. Hoja yake ilikuwa kwamba asiyekusudia hana kosa. Nikamsimulia kisa tulichofundishwa katika chuo cha uandishi wa habari, ambacho kina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1908 gazeti moja la Uingereza liliandika makala ya mzaha kuhusu mzee wa kanisa kutoka Peckham aliyeonekana Ufaransa, katika mji wa Dieppe, akistarehe na mwanamke asiyekuwa mkewe. Mwandishi alimpa mzee huyo wa kubuni jina la Artemus Jones, akidhani hakuna mtu duniani mwenye jina la ajabu kama hilo. Kumbe alikuwapo wakili mwenye jina hilo, na marafiki zake walisoma wakadhani ndiye. Alishtaki, akatunukiwa fidia ya pauni 1,750, na hatimaye rufaa ya mwisho ya gazeti ikakataliwa. Gazeti lilisema halikumkusudia. Korti ikasema swali si mwandishi alikusudia nani, bali wasomaji wenye akili timamu walielewa nani.

"Basi tubadilishe uso," mpwa wangu akasema. Hapo tena ilinibidi nimtolee mfano. Huko Marekani, kampuni ya Samsung ilichapisha tangazo lenye roboti iliyovishwa wigi la rangi ya dhahabu, gauni na mapambo, imesimama kando ya ubao wa mchezo kama ule wa kipindi cha televisheni cha "Wheel of Fortune". Roboti haikuwa na uso wa mtu. Lakini Vanna White, mtangazaji wa kipindi hicho, alishtaki, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba ana kesi. Baadaye baraza la wazee wa mahakama lilimtunuku dola 403,000. Sheria za Marekani si sheria zetu, lakini funzo lake ndilo lile la mama yangu: mtu hutambulika kwa mavazi, mwendo na mahali, hata kama pua si yake. Tungebadilisha uso na kuacha koti, kofia, fimbo na kuyumba, Mwalimu angebaki palepale.

Nilichokifikiria zaidi siku hiyo, hata hivyo, hakikuwa korti. Nilimfikiria mzee akienda kanisani Jumapili, na watoto aliowafundisha kusoma wakimcheka kwa sababu ya mguu uliovunjika. Kuwapelekea waumini wale wale ujumbe wa kukanusha kungekuwa kama kuzoa maji yaliyomwagika.

Kuna njia nne za kurekebisha kipande kilichopatikana na ila. Unaweza kukata pembeni ili ila ibaki nje, kufupisha ili fremu zenye ila ziondoke, kufifisha sehemu hiyo, au kutengeneza upya. Lori tulilimaliza kwa kufupisha, maana lilikuwa mwishoni. Kufifisha sikupendi. Doa la ukungu katikati ya picha humwita mtazamaji aulize kilichofichwa ni nini, tena kitu kikisogea na ukungu usipokifuata kila fremu, alama huchungulia. Kwa mzee, sweta na ukuta hapakuwa na njia ila kutengeneza upya.

Katika maagizo mapya mpwa wangu alitaka kuandika "ukuta usio na nembo ya soda". Tayari alikuwa amejifunza kwa uzoefu kwamba kukitaja kitu hivyo mara nyingine hukiita. Programu nyingi hushika neno "soda" na kusahau "usio". Ni heri kueleza unachokitaka: ukuta wa udongo wa rangi ya kahawia, sweta ya kijivu isiyo na mfuko wala maandishi. Kuhusu mlevi, waliamua na mwenyekiti wa kikundi kwamba mtu asionekane kabisa. Badala yake pawe na meza ya chakula cha jioni, mama na mtoto wakila kimya, na kiti kimoja kitupu chenye sahani iliyofunikwa. Kwa maoni yangu, kiti kile kilionya zaidi kuliko mzee wa kuyumba.

Kipande kipya kilipotoka, tulianza ukaguzi upya tangu mwanzo. Jambo hili watu hulisahau. Kutengeneza upya si kutia kiraka. Fremu zote 192 ni mpya, na makosa yake ni mapya. Kweli, ukutani nyuma ya meza programu ilikuwa imetundika kalenda, kama ilivyo katika sebule nyingi za Kenya. Na juu ya kalenda palikuwa na picha ya mwanamume mwenye suti na tai. Kijana wa maziwa alimtaja mwanasiasa mmoja bila kusitasita. Mama yangu akamtaja yuleyule. Video ya kanisa ya kuonya dhidi ya pombe ingepita mtaani ikiwa na picha ya mwanasiasa ukutani, na nani angeamini kwamba haikuwa kampeni? Kipande cha tatu kiliagizwa kiwe na ukuta mtupu wenye taa, nacho ndicho kilichopita.

Tukamalizia na sauti. Tulifunga macho na kusikiliza. Sauti iliyosoma ujumbe ilikuwa imetengenezwa na programu vilevile, na sauti hufanana na watu kama sura zinavyofanana. Watatu wale wakasikiliza bila picha, na hakuna aliyetaja mtangazaji wala mhubiri yeyote. Mpwa wangu akaandika chini ya video kwamba imetengenezwa kwa akili unde. Hilo ni jema, na baadhi ya mitandao mikubwa kama YouTube inadai hivyo kwa video zinazoonekana kama za kweli. Lakini tusidanganyane. Maandishi hayo hayaondoi alama ya kampuni ukutani wala hayamsafishi Mwalimu. Huwaambia watu jinsi video ilivyotengenezwa, si inamhusu nani.

Mwisho wa kazi, huhifadhi katika folda moja nakala iliyotumwa, maagizo aliyoyaandika neno kwa neno, tarehe, na majibu ya wale watatu. Akitokea mtu kulalamika kwamba anaonekana humo, maagizo yataonyesha kwamba jina lake halikutajwa. Halitakuwa jibu la kila kitu, kama kisa cha Artemus Jones kinavyoonyesha, na kwa hivyo wamekubaliana kwamba video itaondolewa kwanza na mazungumzo yafuate baadaye.

Watu watatu hawawezi kuujua mtaa mzima, na video ikitumwa simu kwa simu huvuka mtaa, ikafika mahali ambapo mzee mwingine anavaa koti na kofia. Hakuna ukaguzi unaoweza kuwamaliza watu wote wanaofanana na sura ya kubuni. Kwa sababu hiyo, mpwa wangu sasa huanza na swali jingine kabla ya kuandika maagizo yoyote: je, mtu anayeonyeshwa anafanya jambo ambalo mwenye kufanana naye angeona fahari au aibu kuhusishwa nalo? Anayepika chapati, anayepanda mti au anayefunga kamba za viatu vya mtoto hukaguliwa kwa utaratibu wa kawaida. Mlevi, mwizi, mgonjwa na mume anayempiga mkewe hawapewi uso hata kidogo. Huonyeshwa mkono, kivuli, au kiti kitupu mezani.